Fremu Ipi Uchukue? Mwongozo Kamili wa Kupima Eneo la Duka Dogo Dodoma

Kazi ya kuchagua eneo la duka dogo hutolewa karibu kila mwaka kwa wanafunzi wa biashara. Majibu mengi hufanana: Majengo kuna watu wengi, Kisasa kuna watumishi wenye kipato, Nkuhungu kodi ni nafuu, basi twende Majengo. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu mwenye milioni tatu mkononi na dalali anayempigia simu asubuhi na jioni. Duka halifunguliwi "Majengo". Linafunguliwa kwenye fremu moja yenye mlango mmoja, inayotazama upande mmoja wa barabara. Fremu mbili zilizo hatua 50 kutoka moja hadi nyingine zinaweza kutofautiana kuliko kata mbili zinavyotofautiana.

Hapa tutapima fremu tatu kwa ajili ya duka la mahitaji ya nyumbani: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni, soda na vocha. Fremu na namba zake ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane vizuri. Wewe utaweka zako. Fremu ya kwanza iko Kisasa, kando ya lami, karibu na kituo cha daladala. Ya pili iko Nkuhungu ndani, kwenye njia panda ya barabara ya vumbi. Ya tatu iko kando ya barabara kuu ya kwenda Singida, ni pana, mpya na ya bei nzuri kupita kiasi.

Wazo linaloshika kazi yote ni hili: kila kitu kigeuzwe kuwa idadi ya wateja kwa siku. Kodi, umbali, mshindani na mtaro mbele ya mlango, vyote viishie kwenye maswali mawili. Fremu hii inadai wateja wangapi kwa siku ili nisipate hasara? Na kwa ushahidi nilioukusanya, itanipa wangapi?

Hatua ya kwanza: ondoa fremu isiyofaa kabla ya kuhesabu chochote

Nenda kwenye fremu bila dalali. Ukiwa na dalali utaonyeshwa sakafu na rangi, wakati unachotaka kukiona kiko nje.

Fremu yetu ya tatu inaanguka hapa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Simama katikati ya barabara pakiwa hapana magari, au anzia ukingoni kama ni pa hatari, upime kwa hatua ndefu hadi ukutani. Ikitoka 20 au 25, uko ndani ya hifadhi. Alama ya X nyekundu ukutani ni ushahidi wa wazi, lakini kukosekana kwake hakuna maana ya usalama, kwa sababu ukuta hupakwa rangi upya. Mwenyekiti wa mtaa na majirani huwa wanajua, na ofisi ya TANROADS ya mkoa ndiyo yenye jibu rasmi. Dodoma barabara zinapanuliwa na mpya zinachongwa, hivyo suala hili si la kinadharia. Kodi ndogo kwenye jengo zuri kando ya barabara kuu ina sababu yake, na mara nyingi sababu ni hiyo.

Jambo la pili la kuangalia ni maji. Mvua za Dodoma huja kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na zikija huja kwa nguvu kwenye ardhi iliyokauka. Ukitembelea fremu mwezi Septemba hutaona tone, lakini utaona alama: mstari wa tope kwenye ukuta nusu mita kutoka chini, mchanga uliolala mlangoni, kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali. Kizingiti hicho hakikujengwa kwa urembo. Mpangaji aliyekuwepo alichoka kutoa unga uliolowana.

Kisha uliza aliyehama alihama kwa nini. Usimuulize mwenye nyumba, muulize fundi cherehani au mama wa genge aliye jirani. Fremu iliyobadilisha wapangaji watatu ndani ya muda mfupi huonekana kwenye kuta: chini ya rangi ya sasa utasoma herufi za saluni, na chini yake herufi za duka la dawa.

Hatua ya pili: hesabu watu, lakini wale wanaoweza kusimama

Hapa ndipo kazi nyingi za darasani huharibika. Mwanafunzi anasimama kituoni saa 12 jioni, anaona umati, anaandika "wapita njia ni wengi sana". Wengi kiasi gani, na wanakwenda wapi?

Huhitaji kusimama kutwa. Chukua robo saa katika kila saa uliyoichagua, kisha zidisha kwa nne. Saa zinazosema ukweli kwa duka la mahitaji ni kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, saa 6 hadi saa 8 mchana, na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Saa za katikati chukua sampuli moja tu asubuhi na moja alasiri, utumie makadirio. Fanya hivyo siku moja ya kazi, Jumamosi na Jumapili.

Tarehe nayo ina maana. Dodoma ni mji wa mishahara ya serikali, na wiki inayofuata mshahara mitaa ya watumishi hununua kwa namna tofauti kabisa na wiki ya pili ya mwezi. Ukihesabu tarehe 26 pekee, umehesabu sikukuu. Vilevile Bunge la bajeti, ambalo huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, hujaza mji wageni, na chuo kikuu kikifunga, maduka ya Ng'ong'ona na Iyumbu hubaki yakitazamana. Andika kwenye ripoti yako umehesabu tarehe gani, na hali ya mji ilikuwaje siku hiyo. Mwalimu makini atakuuliza.

Karatasi yako iwe na safu tatu. Ya kwanza ni watu wote waliopita. Ya pili ni wanaoweza kusimama: wanaotembea upande wako wa barabara, bila kukimbilia gari, bila kuwa ndani ya bajaji. Ya tatu ni waliobeba kitu kilichonunuliwa duka la mahitaji karibu hapo, kama mfuko wa sukari, chupa ya mafuta, mkate. Ukifika mtaani Nkuhungu saa 12 jioni utamwona mtoto wa miaka saba au minane amevaa kandambili kubwa kuliko mguu wake, noti imekunjwa ndani ya ngumi, anakwenda mbio na kurudi taratibu na chupa ya mafuta. Huyo katumwa, na atatumwa tena kesho. Mpitaji wa namna hiyo mmoja ana uzito kuliko watu kumi wanaoteremka kwenye daladala Kisasa wakiangalia simu.

Kwenye mfano wetu, Kisasa walipita watu 1,900 kwa siku. Waliokuwa upande wa fremu na wangeweza kusimama walikuwa 600. Nkuhungu walipita 420 tu, lakini karibu wote waliweza kusimama kwa sababu njia ni nyembamba na wote ni wenyeji.

Kwa nini Kisasa ilipoteza watu 1,300? Tunaendesha kushoto, kwa hiyo daladala inayotoka mjini jioni hushusha abiria upande wake wa kushoto. Anayerudi nyumbani na pesa ya mboga mfukoni anashukia huko. Fremu yetu iko upande wa pili, ule wa wanaopanda gari asubuhi kwenda kazini. Asubuhi mtu hanunui kilo mbili za mchele aende nazo ofisini. Ananunua vocha na maji ya chupa. Ukipata fremu mbili za kodi sawa zinazotazamana kwenye barabara inayotoka mjini, chukua ile ya upande wa kurudi nyumbani bila kusita.

Hatua ya tatu: angalia kama mlango unafikika

Usichanganye watu kupita na watu kufika. Barabara mpya za mji zimejengwa na mitaro mirefu ya wazi, na fremu nyingi zinategemea vipande vya zege vilivyolazwa juu ya mtaro. Kama kivuko kiko mbele ya jirani na si mbele yako, mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani atanunua kwa jirani. Gharama ya kutengeneza kivuko chako iingize kwenye hesabu, na uulize kama inaruhusiwa kabla ya kumwaga zege.

Jiulize pia mzigo utashukia wapi. Mzigo wa duka hili utatoka kwa wauzaji wa jumla, wengi wako maeneo ya Majengo na Sabasaba, na utakuja kwa bajaji ya mizigo au guta. Kwenye barabara ya vumbi, dereva hupandisha bei msimu wa mvua, au hukataa kabisa kuingia. Ndiyo maana katika mfano wetu Nkuhungu inalipa 80,000 kwa mwezi kwa usafiri wa mzigo, na Kisasa 40,000.

Jua nalo ni sehemu ya kufikika, ingawa vitabu havilitaji. Fremu inayotazama magharibi hupigwa na jua la Dodoma kuanzia saa 8 mchana hadi linazama. Biskuti zenye chokoleti zitayeyuka, soda zitachemka, na mteja hatasimama hapo kuchagua. Kama huna uwezo wa kuweka turubai au kipaa, hiyo ni sababu ya kupunguziwa kodi.

Hatua ya nne: msome mshindani kama mwalimu wako

Kuhesabu maduka hakutoshi. Mshindani ndiye anayekuonyesha eneo linanunua kiasi gani, na anakuonyesha bure.

Kaa mahali ambapo huwasumbui watu, kwenye benchi la kahawa kwa mfano, mkabala na duka linalofanana na lile unalotaka kufungua. Hesabu watu 100 wanaopita wakiwa na uwezo wa kusimama, uone wangapi wanatoka na bidhaa. Rudia saa nyingine. Kisasa, kwenye mfano wetu, walikuwa 8 kati ya 100 kwa duka moja la kawaida. Nkuhungu kulikuwa na duka moja tu, mita kama 120 kutoka kwenye fremu, na walikuwa 22 kati ya 100.

Kisha ingia ununue. Nunua robo kilo ya sukari na mafuta ya kupima. Utajua bei, utajua kipimo, utajua kama muuzaji ana chenji. Sikiliza zaidi neno moja: "imeisha". Ukiingia mara mbili tatu jioni na kila mara kuna kitu kimeisha, yule muuzaji ana wateja kuliko mtaji wake, na hiyo ni nafasi yako. Ukikuta rafu zimejaa vumbi na tarehe za bidhaa zimekaribia kuisha, eneo ndilo lililochoka, na duka la pili halitaliponya.

Tofautisha pia aina za washindani. Duka la jumla linalouza hata kilo moja ni hatari kubwa kwako kuliko maduka matatu ya rejareja, kwa sababu litakubana kwenye bei ya sukari na unga, ambavyo faida yake ni ndogo tangu mwanzo. Machinga mwenye meza ya nyanya na vitunguu mbele yako si adui. Anasimamisha watu kwa niaba yako, mradi asizibe mlango.

Hatua ya tano: igeuze kodi kuwa wateja

Sasa zungumza na mwenye fremu. Kodi anayoitaja kwa mwezi si kodi utakayoilipa. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya 10% kwenye pango na kuipeleka TRA, na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu wa 1% ya kodi ya mwaka. Kisheria ile 10% inatoka kwenye fedha ya mwenye nyumba. Mtaani atakwambia anataka laki yake kamili mkononi, maana yake zuio unalibeba wewe. Laki moja kamili mkononi mwake inakuwa takribani 112,000 kwako. Laki tatu inakuwa takribani 337,000. Lijadili hili kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu utakapokwenda kusajili biashara yako mkataba utaombwa.

Uliza malipo ni ya miezi mingapi mbele, sita au kumi na miwili. Uliza kama fremu ina mita yake ya Luku. Kuchangia Luku na saluni yenye draya tatu ni ugomvi usioisha. Na dalali naye ana chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja.

Weka sasa gharama zote za mwezi. Nkuhungu: pango na kodi zake 112,000, umeme, taka na mlinzi 63,000, usafiri wa mzigo 80,000, na ujira wako wewe unayesimama dukani 240,000. Jumla 495,000, sawa na 16,500 kwa siku. Usiuache ujira wako nje ya hesabu. Duka linaloonekana lina faida kwa sababu mwenyewe halipwi linamla taratibu.

Kisasa: pango 337,000, umeme, taka na mlinzi 73,000, mzigo 40,000, ujira 240,000. Jumla 690,000, sawa na 23,000 kwa siku.

Kila mteja anakuachia kiasi gani? Nkuhungu tumekadiria mteja ananunua vitu vya 3,000 na faida ghafi ni 12%, kwa hiyo anaacha 360. Kisasa, mpita njia ananunua vidogo vya 2,000, lakini soda na biskuti zina faida nzuri kidogo, 14%, kwa hiyo anaacha 280. Gawanya:

```
Nkuhungu: 16,500 / 360 = wateja 46 kwa siku
Kisasa:   23,000 / 280 = wateja 83 kwa siku
```

Hayo ndiyo madai ya kila fremu. Sasa linganisha na ulichokiona. Kisasa ni 600 mara 8%, yaani 48. Pengo la wateja 35 kila siku haliwezi kuzibwa kwa tabasamu wala kwa kibao kizuri. Nkuhungu ni 420 mara 22%, yaani wanunuzi 92 kwa siku kwa eneo zima, ambao sasa wote wanakwenda kwa yule mmoja. Ukipata nusu yao ni 46, kiasi kilekile fremu inachodai.

Hatua ya sita: jaribu kulivunja jibu lako

Nkuhungu imeshinda, lakini kwa shida, na ripoti nzuri inasema hivyo waziwazi. Duka jipya halipati nusu ya soko mwezi wa kwanza. Watu wana daftari la mkopo kwa yule wa zamani, wana mazoea. Tuseme unaanza na theluthi, wateja 31. Unapata 11,160 kwa siku badala ya 16,500, unapungukiwa 5,340, sawa na takribani 160,000 kwa mwezi. Ikichukua miezi minne kufikia nusu, unahitaji akiba ya karibu 640,000 nje ya mtaji wa bidhaa, na nje ya ile kodi ya miezi sita uliyolipa mbele. Mwenye kuingiza kila shilingi kwenye rafu hataufikia mwezi huo wa nne. Kama huna akiba hiyo, jibu sahihi la kazi yako ni "fremu hii inafaa, lakini si kwa mtaji huu".

Jaribu pia upande wa pili. Je, mwenye fremu ya Kisasa akishusha bei? Wateja 48 mara 280 mara siku 30 ni 403,200. Toa gharama zisizo za pango, 353,000, inabaki 50,200 ya pango na kodi zake. Mwenye nyumba angepaswa kushuka kutoka laki tatu hadi karibu 45,000, jambo ambalo halitatokea. Kwa hiyo tatizo la Kisasa halitatuliwi kwa kubembeleza bei. Fremu ile inataka biashara ya watu wa asubuhi, kama chai na vitafunwa au wakala wa pesa za simu, na si duka la unga. Andika hivyo, maana huo ni ugunduzi kamili wa utafiti wako.

Kisha kagua misimu. Mei hadi Julai, mavuno yakiingia, familia yenye shamba Kongwa au Bahi huleta mahindi nyumbani, na unga wa dukani hupungua kasi. Wakati huohuo mafuta, sukari na sabuni huendelea. Punguza mauzo ya unga kwenye hesabu ya miezi hiyo uone kama wastani wa 3,000 unasimama.

Hatari kubwa ya Nkuhungu, hata hivyo, ni mtu wa tatu. Wanunuzi 92 wakigawanywa kwa maduka matatu ni takribani 31 kila moja, na kwa 31 tumeshaona ni hasara, safari hii isiyo na mwisho wa miezi minne. Kwa hiyo rudi kwenye njia panda ile uhesabu fremu tupu zilizobaki na misingi inayoendelea kujengwa. Kama fremu tupu iliyo jirani ni ya mwenye nyumba wako, omba mkataba uwe na kifungu kwamba hatampangisha mtu wa biashara ya aina yako kwenye safu hiyo kwa muda wote utakaokuwepo. Kiombe kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, siku ambayo bado anakuhitaji, na kiandikwe mbele ya shahidi wa ofisi ya mtaa. Kama fremu tupu ni ya mtu mwingine, ujue huna kinga hiyo, na ulipe pango la miezi mitatu badala ya sita hata kama bei ya mwezi itapanda kidogo.